Namba kumi ni ya mlango mmoja tu: nani anahesabiwa shambani kwako na unadaiwa nini

 Vijana wenzangu wa Ngara na Biharamulo, leo tunaacha kidogo mbolea na viuatilifu, tunaongea habari ya watu unaowaajiri. Najua wengi mtasema hilo si la bwana shamba. Lakini msimu uliopita nimeitwa kwenye mashamba matatu kwa ajili ya ugomvi wa vibarua, na yote matatu mwenye shamba alinijibu kitu kilekile: "Mimi ni mdogo, sijafika watu kumi, sheria hainihusu."

Hiyo namba kumi ipo kweli, ila ni ya mlango mmoja tu. Milango mingine iko wazi tangu siku unapomwajiri mtu wa kwanza. Leo nataka tutenganishe milango hiyo, kwa sababu kuichanganya kunaumiza pande mbili: unakwepa unachodaiwa, halafu pengine unalipa usichodaiwa.

Kilichotokea Ngara

Kijana mmoja wa upande wa Rulenge ana shamba la kahawa na migomba. Mwaka juzi alinunua mashine ya kumenya kahawa, akaanza kununua na mbivu za majirani. Mwezi Juni, mashine ikiwa inazunguka, mfanyakazi wake aliingiza mkono kutoa kahawa zilizokwama. Vidole viwili vikapondeka.

Akanipigia simu usiku. "Shikamoo bwana shamba. Nimempeleka hospitali, nimelipa mwenyewe. Sasa kaka yake amekuja anataka fidia. Nifanyeje?"

Nikamwitikia, nikamuuliza kama amejisajili WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Akasema hapana, kwa sababu siku ile alikuwa na watu saba tu. Aliambiwa na mtu mjini kwamba wenye watu chini ya kumi wamesamehewa.

Nikamuuliza kama ana karatasi yoyote inayoonyesha alimwajiri yule bwana lini na kwa mshahara gani. Hana. Yeye anasema walikubaliana 220,000 kwa mwezi. Yule mfanyakazi anasema aliahidiwa 300,000. Kwa hiyo walipokaa kwa mtendaji wa kata hapakuwa na mtu aliyejua waanzie kwenye hesabu ipi.

Huyu kijana si mhuni. Alisikia jambo la kweli kuhusu kodi moja, akalitumia kwa kila kitu. Tuanze basi na hiyo kodi, tujue kumi imetoka wapi.

Mlango wa watu kumi: tozo ya ufundi stadi

Ukifungua mfumo wa TRA utakuta herufi SDL. Hiyo ni tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inayotozwa kwa Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, sheria hiyohiyo ya VETA. Anayelipa ni mwajiri, kutoka mfukoni mwake, kwa asilimia ya mishahara anayolipa kila mwezi. Humkati mfanyakazi hata senti.

Zamani mwajiri aliingia kwenye tozo hii akiwa na watu wanne. Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 ikapandisha kutoka wanne hadi kumi. Hapo ndipo maneno ya "chini ya kumi umesamehewa" yalipoanza kutembea mitaani. Ni kweli, lakini ni kweli kwa SDL peke yake. Kiwango chenyewe tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya jumla ya mishahara.

Angalieni mambo mawili kuhusu hiyo kumi. La kwanza, inaanza mtu wa kumi mwenyewe, si wa kumi na moja. Ukiwa na tisa uko nje, ukiwa na kumi uko ndani. La pili, TRA haihesabu wa kudumu peke yao. Kibarua wa muda, wa nusu siku, hata mwenye kazi nyingine kwa mwajiri mwingine, wote ni wafanyakazi wako kwenye hesabu. Na hesabu ni ya mwezi kwa mwezi. Unaweza kuwa nje Februari, ukaingia Juni, ukatoka tena Novemba. Kwa mkulima wa msimu hii ni habari kubwa, maana watu wake wanapanda na kushuka kama maji ya Ruvubu.

Msamaha wa shamba, na unapoishia

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wakulima wanapopoteza hela au wanapojichongea.

Sheria ya SDL ina orodha ya waliosamehewa, na mkulima yumo. Mwajiri wa shamba halipi SDL kwa wafanyakazi ambao kazi yao ni kilimo moja kwa moja, na kilimo tu. Mtu wa kupalilia, kupogoa, kunyunyizia dawa, kuchuma, wote hao wamo kwenye msamaha. Hapa idadi haisumbui: mwenye wapaliliaji thelathini, kwa hao thelathini hadaiwi.

Ila msamaha una ukuta. Hauwafikii watu wa usimamizi wa shamba, wala watu wa kuchakata mazao. Msimamizi wako, mtunza stoo na karani wako, hao ni usimamizi. Anayekoboa mpunga Biharamulo, anayekamua alizeti, anayesimama kwenye mashine ya kumenya kahawa Ngara, hao ni uchakataji. Mazao ni yako, ardhi ni yako, mashine iko katikati ya migomba yako, lakini kazi hiyo si kilimo kwa macho ya sheria hii.

Halafu kuna hilo neno "tu". Mtu anayepalilia asubuhi na jioni anashika mashine hafanyi kilimo tu. Huyo usimweke kwenye orodha ya waliosamehewa. Ukitaka msamaha wako usimame mbele ya mkaguzi, gawa kazi kweli: watu wa shamba wabaki shambani, watu wa mashine wabaki mashineni, na daftari lionyeshe hivyo siku kwa siku. Usigawe kwenye karatasi wakati kazi ni zilezile. Mkaguzi akimuuliza kijana wako "jana ulifanya kazi gani", atajibiwa ukweli.

Kuna ujanja mwingine nimeusikia Nyakanazi: mtu anagawa biashara kwa majina mawili, watu sita kwa jina lake na sita kwa jina la mke wake, ili kila upande uwe chini ya kumi. Mashine moja, stoo moja, simu moja ya malipo. Msifanye hivyo. Siku ya ukaguzi utaulizwa miaka yote ya nyuma kwa pamoja, na riba juu yake.

Tupige hesabu ya kijana wetu

Tuchukue shamba la yule kijana kama lilivyo sasa, baada ya kukaa naye na kupanga upya. Mwaka mzima ana watu watano wa shamba na msimamizi mmoja. Kahawa ikiiva anaongeza watu kumi wa mashine: wa kupokea na kupima, wa kumenya, wa kuosha, wa kuanika na kuchambua kwenye vichanja. Watano wa shamba na kumi wa mashine kila mmoja anapata 220,000 kwa mwezi. Msimamizi anapata 350,000.

Mwezi wa kawaida, tuseme Februari, ana watu sita. Jumla ya mishahara ni 1,450,000. Hajafika kumi, SDL ni sifuri. Mpaka hapo yule mtu wa mjini yuko sahihi.

Mwezi wa msimu, tuseme Julai, ana watu kumi na sita. Mishahara ni 3,650,000. Sasa tunagawa orodha mbili. Orodha ya kwanza ni watu watano wa shamba, 1,100,000. Hawa wamesamehewa. Orodha ya pili ni kumi wa mashine pamoja na msimamizi, watu kumi na mmoja, 2,550,000. Hawa wanatozwa, na kwa kuwa peke yao wamepita kumi, hapana ubishi kwamba yumo ndani. Asilimia 3.5 ya 2,550,000 ni 89,250.

Asingejua habari ya msamaha angelipa kwa wote kumi na sita, na 38,500 zingekwenda kila mwezi bila kudaiwa. Angejiambia "mimi ni mkulima, nimesamehewa" angekaa na deni la 89,250 kila mwezi wa msimu, linalokua kimya kimya. Hela si nyingi kwa mwezi mmoja. Kwa misimu mitatu bila kuwasilisha, pamoja na adhabu na riba, ni mashine nyingine.

Malipo ya SDL huenda pamoja na PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi, ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. PAYE haiangalii ukubwa wako. Inaangalia mshahara wa mtu. Mpaka 270,000 kwa mwezi kodi ni sifuri, kwa hiyo watu wake kumi na tano hawakatwi. Msimamizi, baada ya kutoa mchango wake wa NSSF wa 35,000, anabaki na 315,000. Zile 45,000 zilizozidi zinatozwa asilimia 8, ni 3,600.

Na kama wewe jumla ya watu wako wote inagusa kumi, lakini wa mashine ni watatu tu, usijiamulie mwenyewe nyumbani. Chukua zile orodha mbili, nenda nazo ofisi ya TRA ya wilaya, uliza kwa barua na upate jibu kwa barua. Jibu la mdomo la kaunta halikusaidii baada ya miaka miwili, wakati aliyekujibu ameshahamishwa.

Milango isiyo na namba

Sasa turudi kwenye vidole vya yule kijana wa mashine. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 haina "kuanzia watu kumi". Haina hata "kuanzia wawili". Ukiwa na mfanyakazi mmoja Tanzania Bara, wewe ni mwajiri na unatakiwa ujisajili WCF ndani ya siku thelathini tangu uanze kuajiri. Usajili unafanyika kwa mtandao, unahitaji TIN na orodha ya watu wako na mishahara yao.

Mchango kwa sekta binafsi ulianza asilimia 1 mwaka 2015, ukashuka hadi 0.6 mwaka 2021, na tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5 ya mishahara. Unalipa wewe mwajiri peke yako, ni marufuku kumkata mfanyakazi. Na hapa hakuna msamaha wa kilimo, mpaliliaji na mtu wa mashine wote wamo.

Kwa kijana wetu, mwezi wa Februari ni 7,250. Mwezi wa Julai ni 18,250. Hiyo 18,250 ndiyo ingebeba matibabu ya vidole, fidia ya muda ambao yule bwana hakufanya kazi, na malipo ya ulemavu wa kudumu kama ungethibitishwa. Mtu akifa kazini, mfuko una msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi wake. Badala yake kijana aliuza mbuzi wanne kulipa hospitali, na bado kaka mtu alikuwa mlangoni.

Ukishasajiliwa, ajali ikitokea una siku saba za kutoa taarifa kwa mfuko. Watu wanachelewa hapa kwa sababu wanasubiri "tuone kama atapona". Msisubiri. Mpeleke mtu hospitali, omba karatasi za daktari, piga picha mahali pa ajali, andika majina ya walioona, halafu tuma taarifa siku hiyohiyo au kesho yake.

NSSF nayo haina namba. Mwajiri wa sekta binafsi anatakiwa kuwaandikisha wafanyakazi wake hata akiwa na mmoja. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na unaruhusiwa kumkata mfanyakazi si zaidi ya asilimia 10, nyingine unaweka wewe. Huu ndio mzigo mkubwa kuliko yote niliyotaja. Kwa kijana wetu mwezi wa Julai sehemu yake ni 365,000. Ninaitaja wazi kwa sababu wengi wanapanga bei ya kununua mbivu bila kuihesabu. Jumlisha NSSF 365,000, WCF 18,250 na SDL 89,250, unapata 472,500 juu ya mishahara ya mwezi huo. Hiyo hela igawe kwa kilo unazochakata kabla hujamtajia jirani bei, vinginevyo faida uliyoiona kwenye daftari haipo.

Mlango wa mwisho usio na namba ni wa hapa kwetu hasa. Sisi tumepakana na Burundi na Rwanda, na msimu wa palizi na wa kahawa wanavuka ndugu wengi kutafuta kibarua. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inataka mgeni awe na kibali cha kazi, na haisemi mkulima mdogo anaweza kuajiri mmoja au wawili bila kibali. Kusema "ni shemeji yangu wa ng'ambo" hakubadilishi kitu akikutwa na jembe lako mkononi. Na ukimwajiri bila kibali halafu akaumia, umejiweka pabaya mara mbili.

Karatasi moja inayokulinda wewe

Nimeacha jambo hili hadi sasa kwa sababu ndilo rahisi kuliko yote na ndilo linalopuuzwa zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakutaka umpe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi. Hapa pia haiulizi una watu wangapi. Ila ina namba nyingine, namba ya siku: haimhusu mtu anayekufanyia kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Yule mama anayekuja siku tatu kuchambua maharage hayumo. Kibarua anayechuma kwa debe Jumatatu hadi Jumamosi yumo, hata kama unamlipa kila jioni.

Maelezo yenyewe si kitabu. Jina lake, umri, jinsia na makazi ya kudumu. Mahali alipoajiriwa na mahali pa kazi. Kazi gani, ameanza lini, mkataba ni wa muda gani. Saa za kazi. Malipo kiasi gani, yanahesabiwaje, na kama unampa chakula au chumba, andika. Asiyejua kusoma umwelezee mpaka aelewe. Weka saini na dole gumba, nakala yake na nakala yako, na ya kwako uitunze miaka mitano baada ya yeye kuondoka.

Kwa nini nasema inakulinda wewe? Kwa sababu sheria hiyohiyo inasema shauri likifika mbele na mwajiri hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unakuwa wa mwajiri. Yule mfanyakazi wa Rulenge akisema aliahidiwa 300,000, si yeye wa kuthibitisha. Ni bosi wa kuthibitisha kwamba hazikuwa 300,000. Utathibitishaje maneno mliyosema chini ya mwembe? Tajiri mwenye kampuni ana karani wa kuandika. Wewe mwenye watu saba huna, kwa hiyo wewe ndiye unayeumizwa zaidi na kukosa karatasi.

Na likizo je? Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa kawaida hana haki ya likizo ya malipo. Wengi wanalijua hilo, ndiyo maana wanamtoa mtu mwezi wa tano na kumrudisha baada ya wiki mbili. Sheria imeliona. Mtu akikufanyia kazi zaidi ya mara moja ndani ya mwaka mmoja, na jumla ikazidi miezi sita, likizo anayo. Na mfanyakazi wa msimu ametajwa kwa jina kwamba anayo. Kwa hiyo ondoeni ile imani ya kwamba wa msimu hana chochote.

Mlango wa watu ishirini

Kuna ambao mnakua haraka, hasa wa mpunga na alizeti kule Lusahunga na Nyakahura. Mkifika watu ishirini, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wako wawe watu wenye ulemavu. Asilimia 3 ya ishirini ni chini ya mtu mmoja, kwa hiyo ukiwa na mmoja umetimiza. Kupima mzani, kuandika stakabadhi, kuchambua punje, kushona magunia, hizo ni kazi ambazo mtu asiyeweza kutembea umbali anazifanya vizuri. Panga nafasi hiyo kabla hujafika ishirini, usisubiri kuulizwa.

Fanya hivi jioni ya leo

Chukua daftari la mistari, uchore safu tano: jina, kazi aliyofanya, siku alizokuja mwezi huu, hela aliyopata, saini. Kila siku ya mwisho wa mwezi hesabu mambo matatu tu. Wako wangapi kwa jumla? Kati yao wangapi ni wa shamba tu, na wangapi ni wa mashine au usimamizi? Nani amefika siku sita na hana karatasi?

Jibu la kwanza na la pili linakuambia kama SDL inakuhusu mwezi huo, na kwa mishahara ipi. Jibu la tatu linakuambia nani wa kuandikia kesho asubuhi kabla hajashika jembe. WCF na NSSF hazisubiri majibu hayo, hizo zinaanza na jina la kwanza kwenye daftari. Na kima cha chini cha mshahara wa kilimo kinatangazwa na serikali kwa Amri ya Mishahara, nacho hakina mwajiri mdogo. Kikibadilika, badilisha na daftari lako.

Yule kijana ameshajisajili WCF. Vidole vya mwenzake vimepona nusu, hawezi tena kazi ya kuchuma. Walikubaliana kwa 260,000, katikati ya maneno mawili yasiyo na karatasi, na sasa huyo bwana ndiye anayesimama kwenye mzani kupokea mbivu. Ana karatasi yake, imesainiwa. Na mashine imefungwa kifuniko cha bati pale kahawa zinapoingilia, kazi ya fundi wa Ngara mjini ya asubuhi moja, pamoja na kijiti cha kusukumia kahawa kilichofungwa kwa kamba ili kisipotee.